Kukuza picha ndani ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukubwa wa modeli na kubana namba

Kazi yangu ni kusafisha na kukuza picha za zamani hapa Wete, Pemba. Nyingi zinazonijia zimepigwa upya kwa simu kutoka kwenye albamu, zikapita WhatsApp mikono mitatu minne, zikanifikia zimechoka. Mwenyewe anataka ichapishwe itundikwe ukutani. Kazi yote naifanyia ndani ya simu, na maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na vijana wanaotaka kufanya hivyo hivyo.

Nitatumia picha moja kote: ya harusi, imepigwa ufukweni, bi harusi katikati na shangazi zake wamejifunga kanga, nyuma anga la asubuhi. Ina pikseli 600 kwa 800. Ikikuzwa mara nne inakuwa 2400 kwa 3200, na hapo inachapika vizuri kwa upana wa inchi 8.

Niichague modeli kubwa au ndogo?

Anza na ndogo. Wengi wanaanza na kubwa, halafu wanajaribu kuibana mpaka iingie kwenye simu, wakati ndogo isiyobanwa ingewapa picha nzuri zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Ninazotumia ni mbili, zote za familia ya Real-ESRGAN iliyotoka mwaka 2021. Naipenda familia hii kwa sababu ilifunzwa kwa picha zilizoharibiwa kwa makusudi: zikatiwa ukungu, zikapunguzwa, zikabanwa kwa JPEG, kisha zikaharibiwa tena mara ya pili. Ndiyo hali ya picha zetu. Modeli iliyofunzwa kwa picha safi zilizopunguzwa tu huona vile vijisanduku vya JPEG ikadhani ni sehemu ya picha, ikavinoa vizuri kabisa.

Kubwa ni `RealESRGAN_x4plus`, yenye namba ilizojifunza takriban milioni 16.7. Ndogo ni `realesr-general-x4v3`, yenye namba milioni 1.2. Ndogo imejengwa kwa njia nyepesi: matabaka 34 yaliyopangwa moja baada ya jingine, kila moja likiangalia pikseli 3 kwa 3, na kazi yote inafanyika kwenye ukubwa wa picha ya awali. Kukuza kwenyewe kunakuja mwisho kabisa, kwa kupanga upya chaneli 48 ziwe pikseli.

Kwa hiyo hesabu yake ni rahisi. Kila pikseli ya picha ya awali inagharimu takriban kuzidisha milioni 1.2. Picha yetu ina pikseli 480,000, basi ni kuzidisha kama bilioni 580. Modeli kubwa inataka karibu mara 15 ya hizo. Kwenye simu yangu, ambayo ni ya bei ya kati, ndogo inamaliza picha hii kwa chini ya dakika moja kwenye CPU bila kubanwa chochote, na kubwa inakaribia dakika 12, simu ikiwa moto mkononi.

Ubora je? Kwenye nywele, ukili wa mkeka na majani ya mnazi kubwa inashinda, utaona. Kwenye uso ulio mdogo ndani ya picha sioni tofauti ya kulipia dakika 11.

Faili la modeli ni MB 5 tu. Mbona programu inajifunga yenyewe kwa kukosa kumbukumbu?

Kwa sababu uzito hauko kwenye faili. Hapa ndipo kazi ya kukuza picha inapotofautiana na modeli za lugha ambazo watu wamezizoea, na ukilishika hili mengine yote yanafuata.

Modeli ndogo, kila namba ikiwekwa kwa biti 32, inachukua MB 4.8. Si kitu. Lakini ikianza kazi, kila tabaka linatoa namba za kati: chaneli 64 kwa kila pikseli. Pikseli 480,000 mara 64 ni namba milioni 30.7, nazo kwa biti 32 ni MB 123. Tabaka linahitaji kuwa na zinazoingia na zinazotoka kwa pamoja, basi ni karibu MB 246 kwa wakati mmoja, kwa picha ndogo ya WhatsApp. Mpe picha ya kamera yenye pikseli milioni 12 ndipo utajua kwa nini imejifunga.

Dawa ni kuikata picha vipande. Mimi nakata pikseli 256 kwa 256. Kila kipande kinabeba ukingo wa ziada pande zote, na ukingo huo unatupwa baada ya kukuza, maana pikseli zilizo pembeni hazikuona majirani zao zikakisia vibaya. Usipoacha ukingo utaona mistari ya miraba kwenye anga, kama vigae.

Ukingo uwe mpana kiasi gani? Kila tabaka linachungulia pikseli moja zaidi kila upande, na matabaka ni 34, kwa hiyo jirani aliye umbali wa pikseli 34 bado ana sauti, ingawa ndogo. Kwa muda mrefu nilikuwa naweka 16. Kipande cha 256 kinabaki na 224 zenye manufaa, na picha yetu inataka vipande 3 kwa 4, yaani 12. Siku moja nikapiga hesabu upya: ukingo wa 28 unaacha 200, na 600 na 800 zote zinagawika kwa 200 bila baki. Vipande ni 12 vilevile, muda ni uleule, na ile mistari hafifu niliyokuwa nikiifuta kwa mkono ikaondoka. Piga hesabu hii kwa kila ukubwa wa picha unaoupokea mara kwa mara.

Kubana namba ni nini hasa?

Wengine huita kwantizesheni. Ni kuandika namba zilezile kwa biti chache. FP32 ni biti 32, FP16 ni nusu yake, na INT8 ni biti 8, yaani ngazi 256 tu kutoka thamani ndogo kabisa hadi kubwa kabisa.

FP16 kwa kazi hii ni karibu bure. Mwangaza wa pikseli ukiwa kati ya 0.5 na 1, hatua ya FP16 ni 1/2048, na picha ya kawaida inaonesha hatua za 1/255. Hutaona tofauti. Kumbukumbu inapungua nusu, na GPU za simu hupenda FP16. Mtu asiyetaka kuumiza kichwa aishie hapo.

INT8 ndiyo yenye mabishano. Namba za kati zinapungua mara nne, kwa hiyo za kipande chetu zinashuka kutoka MB 16.8 hadi MB 4.2 kwa kila tabaka, na faida kubwa iko hapo, maana simu inapoteza muda mwingi kubeba namba kwenda na kurudi. Lakini ngazi 256 hizo lazima zitosheleze kila kitu ndani ya tabaka.

Nimebana hadi INT8, faili limepungua mara nne, lakini kasi ni ileile. Kwa nini?

Sababu ninazokutana nazo ni tatu.

Ya kwanza: umebana namba za modeli peke yake, bila picha za kupimia masafa, yaani thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa ambazo namba za kati hufikia. Faili linakuwa dogo, ila namba za kati bado hazina masafa yaliyopimwa, na faida uliyoitaka ilikuwa kwenye hizo.

Ya pili: unaendesha kwenye GPU. TFLite ni programu ya kuendeshea modeli kwenye simu, siku hizi inaitwa LiteRT, na njia yake ya GPU huipokea modeli ya INT8, ikairudisha kwenye namba za desimali, ikafanya kazi kwa namba hizo. Umelipa hasara ya ubora bila kupata kasi. Kwenye GPU tumia FP16, na INT8 iache kwa CPU au NPU, ile chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli.

Ya tatu ni ya wanaobadilisha modeli kutoka PyTorch. PyTorch hupanga chaneli mbele ya urefu na upana, TFLite huziweka mwisho. Ubadilishaji mbaya unapachika `TRANSPOSE` kabla na baada ya kila tabaka. Hazina hesabu yoyote, ni kuhamisha namba tu, na kwenye kazi yenye namba za kati nyingi hivi ni balaa. Ukiona zaidi ya mbili kwenye ripoti, rudi kwenye hatua ya kubadilisha.

Ripoti unaipata hivi, simu ikiwa imeunganishwa kwa waya:

```
adb push benchmark_model /data/local/tmp/
adb shell chmod +x /data/local/tmp/benchmark_model
adb push sr_x4_int8.tflite /data/local/tmp/
adb shell /data/local/tmp/benchmark_model \
  --graph=/data/local/tmp/sr_x4_int8.tflite \
  --num_threads=4 --use_xnnpack=false --enable_op_profiling=true
```

Itakuorodheshea kila aina ya kazi na muda wake. Kwenye modeli hii `CONV_2D` inapaswa kula karibu muda wote. Kwa kipande kimoja cha 256, simu yangu inanipa kama sekunde 4 kwa FP32 kwenye CPU, sekunde moja na nusu kwa INT8 kwenye CPU, na chini kidogo ya sekunde moja kwa FP16 kwenye GPU. Yako itakuwa na namba zake.

Usipime kipande kimoja ukaridhika. Endesha picha tatu mfululizo, uandike muda wa kipande cha kwanza na cha mwisho. Simu ikipata joto inajipunguzia kasi, na wakati wa kaskazi, dukani bila feni, nimeona cha mwisho kikichukua karibu mara mbili ya cha kwanza. Ndiyo maana hata kama GPU ndiyo yenye kasi kwa kipande kimoja, kwa kazi ya siku nzima ni lazima upime mwenyewe.

Baada ya INT8 anga limekuwa na ngazi ngazi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonichelewesha mimi mwenyewe. Kwenye picha ya harusi, anga linatoka weupe karibu na bahari likipanda kuwa buluu, taratibu mno. Kwa FP16 lilitoka laini. Kwa INT8 likatoka mikanda, kama ngazi pana, na uso wa bi harusi ukapata kivuli cha kijani chini ya kidevu. Kanga na majani yalikuwa sawa kabisa. Palipo na michoro mingi kosa linajificha, palipo laini linajianika.

Chanzo kimoja kiko mwisho wa modeli. Modeli hii haichori picha nzima. Inachukua picha ya awali, inaikuza kwa kurudia pikseli tu, kisha inaongeza juu yake marekebisho iliyoyakokotoa. Ukibana kila kitu pamoja, jumla hiyo nayo inalazimishwa kuingia kwenye ngazi 256. Tuseme masafa yaliyopimwa ni kutoka -0.1 hadi 1.1. Hatua inakuwa 1.2 kugawa kwa 255, yaani 0.0047, na skrini inaonesha hatua za 0.0039. Umeshaweka ngazi pana kuliko za picha yenyewe, hata kabla matabaka mengine hayajakosea.

Tiba: ikate modeli kabla ya ile jumla. Modeli iliyobanwa itoe marekebisho peke yake, kisha kurudia pikseli na kujumlisha ukufanye kwenye programu yako kwa desimali. Marekebisho ni madogo. Masafa yake yakiwa -0.3 hadi 0.3, hatua inashuka hadi 0.0024, chini ya ngazi moja ya skrini. Kwenye anga langu mikanda mingi iliondoka kwa badiliko hili moja.

Chanzo cha pili kiko katikati. Kwenye TFLite kila chaneli ya namba za modeli inapata kipimo chake, lakini namba za kati za tabaka zima zinagawana kipimo kimoja. Chukua tabaka ambalo chaneli 63 zinacheza kati ya -2 na 2, na moja inaruka hadi -24 na 24. Kipimo kinatanuka kutoka -24 hadi 24, hatua inakuwa 0.19, na zile chaneli 63 zinabakiwa na ngazi kama 21 za kujieleza. Kivuli cha kijani kilitoka huko.

Kulijua tabaka lenye kosa, tumia `tf.lite.experimental.QuantizationDebugger`. Inakupa kwa kila tabaka wastani wa mraba wa kosa (`mean_squared_error`) na ukubwa wa hatua (`scale`). Tafuta kipeuo cha pili cha hilo la kwanza, ukigawe kwa la pili: tabaka lenye afya linakaa karibu na 0.29, likipanda juu sana ya hapo ndilo mgonjwa. Kwangu yalikuwa mawili, yote mwanzoni mwa modeli. Nikayataja kwenye `denylisted_nodes` yabaki na desimali. Muda wa kipande ukapanda kidogo, kivuli kikaondoka.

Nitumie picha zipi kupimia masafa?

Zinazofanana na utakazokuza. Hapa kosa ni la kawaida: mtu anachukua picha safi za mandhari kutoka mtandaoni, modeli inapima masafa yake kwa hizo, halafu analeta picha ya WhatsApp yenye vijisanduku na giza la ukumbini. Namba zinatoka nje ya masafa na kukatwa.

Mimi nina vipande 200 vya 256 kwa 256, vyote kutoka kwenye kazi zilizokubaliwa na wenyewe. Nimehakikisha humo mna anga tupu, kanzu nyeupe juani, buibui jeusi kwenye kivuli, na nyuso. Nyeupe kali na nyeusi kabisa ndizo zinazosahaulika.

```python
def vipande():
    for k in vipande_vyote:      # thamani 0 hadi 1
        yield [k[None].astype("float32")]

c = tf.lite.TFLiteConverter.from_saved_model("sr_x4")
c.optimizations = [tf.lite.Optimize.DEFAULT]
c.representative_dataset = vipande
open("sr_x4_int8.tflite", "wb").write(c.convert())
```

Angalia kwamba thamani ziko 0 hadi 1 kama modeli ilivyozoea. Ukimpa 0 hadi 255 kwa bahati mbaya, itabana bila kulalamika na picha itatoka imeharibika.

Je, biti 8 kwa modeli na 16 kwa namba za kati?

Kwa ubora ni njia nzuri, ngazi za rangi zinaondoka. Kwenye CPU kupitia TFLite ni nzito, mara nyingi inashindwa na FP32. Inafaa kama simu yako ina NPU inayoikubali.

Na biti 4?

Kwa kukuza picha, hapana. Biti 4 zinaokoa ukubwa wa faili, na faili letu ni MB chache tangu mwanzo.

Naweza kukuza video kwa njia hii?

Si kwa modeli hizi. Kipande kimoja kwa sekunde moja ni mbali sana na picha 25 kwa sekunde. Kwa video kuna modeli zilizojengwa tangu mwanzo ziwe za INT8, kama XLSR na ABPN za mwaka 2021, zenye namba makumi ya maelfu tu badala ya milioni. Zinaongeza ukali kidogo, hazitengenezi picha iliyoharibika.

Nitajuaje kama ubora umeshuka? Nitumie PSNR?

PSNR ni kipimo cha jinsi picha mbili zinavyokaribiana pikseli kwa pikseli. Itumie kulinganisha modeli iliyobanwa na ileile isiyobanwa, kwa picha moja. Hapo inakwambia ukweli: kubana kumehamisha matokeo kwa kiasi gani. Usiitumie kulinganisha modeli kubwa na ndogo, maana modeli hizi zimefunzwa kupendeza jicho, na ukali zinaouongeza unashusha PSNR.

Kisha tazama kwa macho, kwa ukubwa kamili, sehemu tatu: anga, chini ya kidevu, na maandishi. Maandishi ndiyo yaliyonifunza zaidi. Shangazi mmoja kwenye ile picha amevaa kanga yenye jina WEMA HAUOZI. Kwenye picha ya awali herufi zilikuwa na urefu wa pikseli 7 hivi, lakini ungesoma. Niliipeleka kazi ikiwa safi, anga laini, nyuso nzuri. Mama aliyeileta akaitazama, akaweka kidole juu ya kanga akaniambia, "Mwanangu, hili silo jina la kanga yangu." Pameandikwa WEMA HALIOZI. Ile U iliyofifia modeli iliigawa ikawa L na I, tena kwa wino mkali kuliko herufi zilizobaki.

Nilirudi nikajaribu zote. Kubwa iliandika HALIOZI vilevile, kwa ukali zaidi. Ndogo ya FP16 ikaandika hivyo hivyo. Ndogo ya INT8 ikaacha kitu kati ya U na LI. Kwa hiyo kosa hili halikuletwa na kubana, wala haliponi kwa kuongeza ukubwa. Modeli inakisia herufi kwa sura, haijui Kiswahili. Barua za kale za hati ya Kiarabu ni hatari zaidi, maana nukta moja ikifutika herufi inakuwa nyingine.

Siku hizi palipo na maandishi nachora mraba juu yake, naikuza sehemu hiyo kwa njia ya kawaida ya baikyubiki kutoka picha ya awali, naipachika juu ya kazi ya modeli na kulainisha kingo kwa pikseli 20. Herufi zinabaki na ukungu wake. Yule mama aliisoma kanga yake akaichukua picha.